Kukataa uongozi wa karakana na kubaki fundi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme wa magari kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, mwaka wa tisa sasa. Karakana yetu ina mafundi 7 na magari 22. Mzee anayetuongoza anastaafu mwisho wa Mei, na mkurugenzi ameniita akasema nafasi ni yangu, nimpe jibu kabla ya katikati ya mwezi. Kwa kweli furaha yangu ni kutafuta hitilafu ambayo wengine wameshindwa kuiona. Kukaa mezani nikipanga likizo na kuvutana na stoo siwezi. Ila naogopa nikikataa ataniona sina moyo na kampuni, na wenzangu wataona nimewakimbia. Nikatae vipi?"
Fundi umeme, Arusha

Marahaba, fundi. Watu wengi wakifika hapo ulipo huandaa maneno ya kukataa tu. Wanayapamba, wanayalainisha, wanakwenda. Wanasahau kwamba wakishatoka ofisini, mkurugenzi anabaki na karakana isiyo na kiongozi, masika yanaisha, na Juni magari yote yanatakiwa porini. Adabu yako ataisahau ndani ya wiki. Atakachokumbuka ni kama ulimwachia pengo lote peke yake au ulibeba upande mmoja. Kwa hiyo anza kwa kulijua pengo lenyewe, maneno yatafuata.

Mzee bado yupo kazini, na hilo ni bahati. Mwombe ukae karibu naye wiki moja na uandike kila anachofanya, hata kidogo. Utaona asubuhi anagawa kadi za kazi. Anapokea ripoti za madereva waliorudi jana. Anasaini kwamba gari limekaguliwa na linaweza kuondoka. Anabishana na ofisi ya safari kuhusu gari lipi liende na lipi lipumzike. Anaomba pesa ya spea, anafuatilia stoo, anapanga likizo, anasuluhisha mafundi waliogombana, anawasimamia vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka VETA au Chuo cha Ufundi. Ukimaliza kuandika, pitia orodha ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, uweke alama kwenye yale yanayohitaji jicho la fundi. Nakuhakikishia hayatakuwa machache. Ukaguzi wa mwisho ni ufundi. Kuamua kwamba gari haliwezi kwenda ni ufundi. Kumfundisha kijana kufuata waya kwa mita badala ya kubahatisha fyuzi ni ufundi. Likizo, ununuzi, nidhamu na mivutano na ofisi ya safari ni kazi ya kuongoza watu, na hapo ndipo wewe unaposema huwezi.

Halafu jiulize ni lipi kati ya hayo linalomnyima mkurugenzi usingizi. Simjui bosi wako, lakini nimekaa na wakurugenzi wengi wa kampuni za utalii na hofu yao ya kwanza karibu kila mara ni ileile: gari lenye wageni limezima Serengeti. Ukishapita lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami inaisha, na kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo gari la kubadilisha likitoka mjini linafika siku imekwisha. Wageni wamepoteza siku waliyoilipia, wakala wa nje anadai fidia, dereva amekaa juani akitafuta mtandao. Mkurugenzi alipokutazama wewe na kusema nafasi ni yako, yawezekana kabisa alikuwa anamtafuta mtu atakayehakikisha hilo halitokei, na cheo ndicho chombo pekee alichokuwa nacho mkononi cha kumpa mtu huyo. Ukilijua hilo, unaweza kumpa anachokitaka bila kuchukua cheo.

Kabla hujakwenda mbali, kuna jambo moja la kujipima kwa ukweli. Je, unakataa kuongoza, au unakataa kuongoza kwa namna mzee alivyolazimika kuongoza? Hayo ni mambo mawili. Kama kinachokuchukiza ni kugombana na stoo kwa sababu kila spea inapitia saini nne, na ingekuwa una karani wa kuandika na fungu dogo la kununulia bila kuomba ungekubali, basi huna la kukataa, una la kujadili. Namna ya kujua ni hii. Jione umepewa karani, bajeti na mamlaka yote unayoyataka, halafu asubuhi ya kwanza mafundi wawili wamekuja mezani kwako wakilaumiana, na nje kuna gari ambalo linamaliza betri usiku na hakuna anayejua kwa nini. Miguu yako inakwenda wapi? Kama bado inakwenda kwenye gari, endelea kusoma. Kama umesita, usikatae bado. Nenda ukaulize masharti.

Sasa pesa, kwa sababu nyumbani watakuuliza na ni haki yao. Tuchukue mfano. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 900,000 kwa saa 45 za wiki. Kwa hesabu ya sheria, mwezi ni wiki 4.333, kwa hiyo ni kama saa 195, na saa yako moja ni takriban shilingi 4,615. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani kama 6,920. Katika msimu fundi wa utalii akifanya saa 30 za ziada kwa mwezi, jambo ambalo si geni, hapo pana zaidi ya shilingi 207,000. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtoa kwenye kanuni hizo za saa za kazi mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kiongozi wa karakana anayeripoti kwa mkurugenzi anaangukia hapo. Kwa hiyo ukipewa posho ya madaraka ya 150,000 na ukapoteza malipo ya saa za ziada, kwa miezi ya msimu umepanda cheo na kushuka kipato. Sikuambii hili ulitumie kama hoja mbele ya mkurugenzi. Nakuambia ili usijione unaitupa pesa ya familia, na ili mke wako au wazazi wakikuuliza uwe na hesabu ya kuwaonyesha kwenye karatasi.

Sheria hiyohiyo inasema mwajiri akitaka kubadilisha yaliyoandikwa kwenye maelezo ya ajira yako, cheo na kazi yako vikiwemo, afanye hivyo kwa kushauriana nawe na akujulishe kwa maandishi. Kwa hiyo kukataa cheo kipya si utovu wa nidhamu. Ila soma mkataba wako. Mingi ina mstari unaosema "na kazi nyingine utakazopangiwa". Mstari huo unamruhusu mkurugenzi kukupa jukumu la ziada hapa na pale, na kulikataa kila jukumu kwa kisingizio cha kwamba wewe ni fundi tu ni kujitafutia matatizo. Jua haki yako, kisha iache mfukoni. Anayeingia ofisini na vifungu vya sheria mdomoni, kwa jambo ambalo mwenzake alilileta kama heshima, ameshageuza mazungumzo kuwa kesi.

Nenda mapema. Ukiambiwa jibu kabla ya katikati ya mwezi, usisubiri tarehe 14. Kila siku inayopita, mkurugenzi anazidi kukuhesabu, na siku akilitaja jina lako kwenye kikao cha madereva, kukataa kwako kutakuwa kumwaibisha hadharani. Omba nafasi ya faragha, alasiri, magari yakiwa hayaondoki. Usitume ujumbe wa simu wala usimtume mhasibu aliye rafiki yako "akamwandae".

Hapa kuna tabia yetu moja ambayo lazima niiseme wazi. Sisi tumelelewa kutomwambia mkubwa hapana usoni. Tunasema "sawa bosi, tutaangalia", "Mungu akipenda", "acha nijipange", na moyoni tunajua tumekataa. Yeye amesikia umekubali. Tarehe 1 Juni utaikuta ofisi ya mzee imefagiliwa na jina lako limebandikwa mlangoni, na hapo kukataa kunakuwa kuvunja ahadi. Heshima iwe katika namna ya kusema na katika ulichokileta, lakini jibu lenyewe litoke kabla hujainuka kwenye kiti. Maneno yanaweza kuwa kama haya:

"Bosi, nashukuru kwa kuniamini, na sikulichukulia jambo hili kwa wepesi. Nimelifikiria, na ninaomba nisichukue uongozi wa karakana. Kazi ninayoiweza kuliko zote ni kutafuta hitilafu na kuhakikisha gari linaloondoka linarudi lenyewe, na huko ndiko ninakotaka kubaki. Lakini najua mzee anaondoka na msimu uko mlangoni, kwa hiyo nimekuja na mambo mawili ninayoweza kuyabeba kuanzia Juni."

Angalia yasiyomo. Hakuna ugonjwa, hakuna mama mgonjwa Machame, hakuna shule ya jioni. Kisingizio kina kasoro mbili. Kwanza, kinatatulika, mkurugenzi atakuambia anza Agosti mama akipona, na utakuwa umenaswa. Pili, kinajulikana, maana mji huu ni mdogo na madereva wanajua habari za kila mtu. Pia hakuna "mimi sipendi kusumbuana na watu". Watu hao ni wenzako, na sentensi hiyo itawafikia ikiwa imekatwa mkia. Usiuseme vibaya uongozi kabisa. Sema unachokifanya vizuri, basi.

Mambo mawili unayoyabeba yawe yanahesabika. "Nitasaidia kwa hali na mali" haliwezi kuwekwa kwenye ratiba. Kwa karakana ya magari 22 mimi ningependekeza hivi. La kwanza, kila gari linaloondoka kwa safari ya usiku zaidi ya mmoja lipite mikononi mwako kwa ukaguzi wa mwisho, jioni ya siku mbili kabla, ili pakipatikana kasoro iwepo siku nzima ya kuirekebisha. Ukaguzi wa asubuhi ya kuondoka ni wa kujifariji, maana hata ukiona tatizo gari limeshapakiwa. La pili, vijana wawili uliowachagua pamoja na kiongozi mpya wakae nawe saa mbili kila Jumamosi wakijifunza kutafuta hitilafu za umeme, ili Desemba usiwe wewe peke yako unayejua. Hilo la pili lina uzito kuliko unavyodhani. Mkurugenzi anayemwona fundi hodari akigawa ujuzi wake hawezi kusema hana moyo na timu. Anayeuficha ujuzi ili abaki wa lazima ndiye anayeshukiwa, hata awe na cheo.

Usiongeze la tatu na la nne kwa sababu ya hatia. Nimeona mafundi waliokataa cheo, kisha wakajitwisha ununuzi wa spea, ratiba na vikao ili kuonyesha moyo mwema. Baada ya miezi miwili walikuwa wanafanya kazi yote ya uongozi bila mshahara wake, na kazi ya kiufundi waliyoitetea haikupata muda.

Sasa tarajia maswali matatu.

Atakuuliza, "Sasa nimpe nani?" Usitaje jina papo hapo. Kama una mtu moyoni, nenda kwanza ukamuulize yeye kama anataka, kwa sababu kumpendekeza mtu bila kumwambia ni kumfanyia kile ulichofanyiwa wewe. Kwa bosi taja sifa: mtu anayeheshimiwa na madereva, anayeandika vizuri, ambaye hachoki kufuatilia. Mwambie pia kwamba kiongozi si lazima awe ndiye fundi bora, mradi fundi bora awe upande wake. Hiyo ni hoja ya kweli na mara nyingi hajawahi kuifikiria.

Atasema, "Basi kaimu miezi mitatu tu, nikitafuta mtu." Hapa ndipo wengi wanapozama. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu kuanzia Juni inakufikisha mwisho wa Agosti, katikati ya msimu, na hakuna mkurugenzi anayebadilisha kiongozi wa karakana Agosti. Inasogezwa hadi Oktoba. Novemba kila mtu ameshazoea. Namfahamu fundi wa mitambo kiwandani Moshi aliyekaimu kwa neno la mdomo, akaendelea kufanya kazi zote mbili mpaka mashine ilipoharibika vibaya, na ni yeye aliyelaumiwa kama kiongozi kwa kosa ambalo kama fundi angeliona mapema lau angekuwa na muda. Ukiona kwamba huna budi kukaimu, basi iwe kwa barua yenye tarehe ya mwisho, posho ya kukaimu iliyotajwa kwa kiwango, na jina la fundi atakayeshika kazi zako za umeme kwa kipindi hicho. Kimoja kikikosekana, mwambie kwa upole kwamba heri umsaidie mzee kumwelekeza mtu mwingine kwa wiki zilizobaki.

La tatu linauma zaidi: "Ukikataa, ujue hapa ndipo utakapokomea." Usijibu kwa hasira, na usigeuze siku hiyo kuwa ya kudai nyongeza, maana ataona ulikataa ili upandishe bei. Sema tu kwamba unaelewa, na kwamba ungeomba siku nyingine mzungumze jinsi fundi anavyoweza kukua akiwa fundi. Kampuni nyingi za hapa hazina ngazi ya kiufundi, mtu anapanda kwa kuwa msimamizi au anabaki palepale. Ngazi ya fundi mkuu yenye mshahara wake inawezekana kutengenezwa, lakini inatengenezwa kwa ushahidi, na ushahidi wako utaupata msimu huu.

Ndani ya siku mbili baada ya mazungumzo, peleka barua fupi. Isipokuwepo barua, baada ya miezi sita kila mmoja atakumbuka toleo lake. Isizidi ukurasa:

"YAH: NAFASI YA KIONGOZI WA KARAKANA

Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 8 Mei. Nashukuru kwa kupendekezwa katika nafasi hii. Kama nilivyoeleza, ninaomba nisiipokee na niendelee na kazi yangu ya fundi umeme.

Kuanzia tarehe 1 Juni nitafanya ukaguzi wa mwisho wa kila gari la safari ya zaidi ya usiku mmoja, siku mbili kabla ya kuondoka, na nitasaini kadi yake. Nitafundisha mafundi wawili kutafuta hitilafu za umeme, saa mbili kila Jumamosi. Nitashirikiana na kiongozi atakayeteuliwa na nitawajibika kwake.

Ninaomba tukutane mwisho wa Novemba kuangalia utaratibu huu ulivyokwenda."

Sentensi ya "nitawajibika kwake" usiikate hata kama unaona ni ndogo. Inahusu shida kubwa kuliko zote, ile inayokuja baada ya kukataa na ambayo karibu hakuna anayeisema.

Kiongozi mpya atateuliwa. Huenda ni mdogo kwako, huenda ulimfundisha wewe. Mafundi wote wanajua kwamba nafasi ile ilikuwa yako. Wiki ya kwanza mmoja atakuja kukuuliza kama anaweza kuondoka saa tisa. Mwingine atakuonyesha kadi ya kazi aliyopewa aseme, "Hii kweli inaingia akilini?" Utajibu kwa wema, maana unajua jibu. Bila kukusudia umekuwa kiongozi wa pili, usiye na cheo na usiyewajibika kwa mtu, na yule mwenye cheo anaachwa na karatasi. Hapo ndipo mkurugenzi atakapoona kweli umeivuruga timu, na atakuwa sahihi.

Dalili ni rahisi kuziona ukizitafuta. Sikiliza unaulizwa nini. Swali la "waya huu unatoka wapi" ni lako. Swali la "niruhusiwe", "nani abaki leo", "spea ipi tununue kwanza" si lako, na jibu lake ni moja kila siku: "Muulize kiongozi." Hata kama unajua atakachosema. Hata kama yuko mbali na wewe uko hapo. Na ukiwa na maoni tofauti na yake, yapeleke kwake mkiwa wawili, kamwe usiyatoe mbele ya kadi za kazi asubuhi.

Ila pawepo na mpaka uliokubaliwa tangu mwanzo, kwa sababu siku moja mtagongana kuhusu gari. Tulichukue hili. Gari limerudi jioni kutoka Ndutu na kesho alfajiri linatakiwa kupokea wageni KIA na kuendelea moja kwa moja porini, kwa hiyo ile nafasi ya siku mbili haipo. Unapima chaji injini ikiwa inaunguruma, friji na redio ya mawasiliano vikiwa vimewashwa. Kwenye mfumo wa volti 12 ulitegemea kama volti 13.8 hadi 14.4 kwenye betri, lakini mita inasoma 12.6. Maana yake altaneta haibebi mzigo, betri ndiyo inayolisha kila kitu. Gari litawaka asubuhi, litafika Karatu vizuri, na linaweza kukataa kuwaka usiku wa pili kambini. Kiongozi anasema gari jingine hakuna, liende, dereva apewe betri ya akiba.

Hapo kazi yako ni kuandika kwenye kadi ulichopima, maana yake, na muda unaohitajika: mathalani, brashi za altaneta zimekwisha, saa mbili zinatosha kama brashi zipo stoo. Uamuzi wa kubeba hatari ya kuzimika ni wake, pamoja na ofisi ya safari, kwa sababu ni uamuzi wa biashara. Akisema liende na betri ya akiba, funga betri hiyo vizuri na mweleze dereva asizime injini akiwa mbali na watu. Usilisimamishe gari kwa kuficha ufunguo na usimpigie mkurugenzi simu kwa mlango wa nyuma. Lakini breki, usukani, beringi za magurudumu na uvujaji wa mafuta ni jambo jingine. Kwa hayo muombe mkurugenzi, siku ileile ya mazungumzo, akuruhusu useme gari haliondoki na neno lako liwe la mwisho, kiongozi akiwepo au asiwepo. Mstari huo ukichorwa Mei, Agosti hamtagombana. Usipochorwa, kila kasoro itageuka kuwa swali la nani mkubwa.

Kuhusu wenzako, wasisikie kutoka kwa dereva. Muombe mkurugenzi ruhusa ya kuwaambia mwenyewe siku atakayomtangaza kiongozi mpya, na useme mbele yake: niliombwa, niliomba nisichukue kwa sababu mimi mahali pangu ni kwenye magari, na huyu ndiye kiongozi wetu, hata mimi kazi nachukua kwake. Kesho yake asubuhi nenda ukachukue kadi yako ya kazi mezani kwake, wengine wakiona. Atakayeendelea kusema uliogopa mwache, atachoka akikosa cha kuongeza.

Msimu ukiwa unaendelea, weka daftari. Andika gari, tarehe, kasoro uliyoikamata kwenye ukaguzi wa mwisho, na gari lililozima njiani pamoja na sababu yake, hata kama lilipita mikononi mwako. Usiandike ya kujisifu tu, maana mkurugenzi ana ripoti za madereva na atalinganisha. Andika pia ni hitilafu ngapi wale vijana wawili walizimaliza bila kukuita. Daftari hilo ndilo utakaloingia nalo Novemba, na hapo ndipo unapoleta ombi la ngazi ya fundi mkuu na mshahara wake, ukianza na magari ambayo yangezima Seronera na hayakuzima.